Vijana wa chila, pimeni hewa ya juu ya siling kabla hamjachagua insulesheni

Wadogo zangu mnaoanza kazi za chila huku pwani, wiki hii nimeona tena bomba la inchi 2 limevalishwa mpira wa milimita 19 kwa sababu "ndivyo speki ya Nairobi inavyosema", na nimechoka kweli kuwaona mkipanda ngazi kufuta maji badala ya kupanda na kipima unyevu. Basi nisikilizeni.

1. Bomba halivuji, linatoka jasho. Ngozi ya nje ya insulesheni ikiwa baridi kuliko joto la umande la hewa inayoizunguka, maji lazima yatoke. Chukua maji ya chila nyuzi 6, hewa nyuzi 30, bomba hilohilo la inchi 2 na mpira mweusi wa kawaida. Unyevu ukiwa asilimia 80, ngozi inaruhusiwa kupoa chini ya hewa kwa nyuzi kama 3.8 tu, na milimita 19 zinatosha. Ukifika 85, nafasi inabaki 2.8, unahitaji 25. Ukifika 90, nafasi ni 1.8, na hapo unahitaji kama 35! Mnaona ilivyo, asilimia tano za mwisho ndo zinazokula unene wote, kwa hiyo anayekwambia "huku unyevu ni kama themanini hivi" hajakusaidia kitu.

2. Pima juu ya siling, tena usiku. Hapa niwape kisa chote maana kinaniuma mpaka leo. Kuna hoteli moja Mombasa niliitwa mwezi wa nne, mvua za masika zimepamba moto, jipsam ya korido ina madoa ya kahawia yamejipanga kufuata njia ya bomba. Vijana walishafunga valvu na kupima presha, haikushuka hata kidogo, wakapima hewa ya koridoni saa tisa mchana wakakuta nyuzi 24 na unyevu 55, wakaandika ripoti kwamba hali ni nzuri. Lakini bomba halikai koridoni jamani! Liko juu ya siling, chini ya paa la vigae lenye matundu pembeni, hewa ya bahari inaingia inavyotaka. Tulipopanda alfajiri kule juu kulikuwa na nyuzi 26 na unyevu 90, yaani umande unaanza nyuzi 24.2, na kwa mpira wa 19 ngozi ya nje inakaa kwenye 23 hivi. Ukipitisha kidole chini ya bomba kinatoka kimelowa, matone yamejipanga kama shanga. Nikamwambia kijana akate kipande: nje maji, ndani bomba kavu kabisa. Hiyo ndo dalili ya unene mdogo. Ungekuta ndani kumelowa na kutu imeanza, ujue jointi zimefunguka na mvuke unapenya, na hapo kuongeza unene peke yake hakukusaidii mpaka uzibe.

Kilichoniuma zaidi ni dawa waliyokuwa wameanza kuitumia. Kipande cha mwisho wa korido walikivika kladingi ya alumini inayong'aa wakiamini itazuia maji, na ndicho kilichokuwa kinadondosha kuliko vyote. Alumini inayong'aa haipokei joto la mnururisho kutoka kwenye vitu vya pembeni kama mpira mweusi unavyopokea, kwa hiyo ngozi inazidi kupoa, pale ilishuka mpaka karibu 21.7. Tukaivua, tukazima chila, tukaacha kila kitu kikauke maana gundi haishiki kwenye unyevu, halafu tukaongeza tabaka la pili la 19 juu ya lile la kwanza, jointi zikipishana. Jumla 38, ngozi ikapanda mpaka nyuzi 24.6 hivi. Imepita umande kwa nusu nyuzi tu, ndo maana tuliziba na yale matundu ya paa yaliyo karibu na njia ya bomba. Na lau ile alumini ingebaki, hata 38 zisingetosha.

3. Kwenye hanga weka kipande kigumu cha insulesheni, siyo mpira laini, uzito wa bomba unaubana 25 mpaka 10 na tone la kwanza utalikuta palepale.

4. Usibananishe mabomba. Supply na return zikigusana, hewa haizunguki katikati na ngozi inapoa, acha nafasi ya kupitisha mkono.

5. Planti rumu yenye luva wazi ihesabu kama nje. Na kama mteja anataka alumini humo kwa ajili ya kulinda mpira usigongwe, sawa, ila hesabu ya unene ifanyike upya: ile 25 ya kwenye unyevu wa 85 inakuwa 35, na unaimaliza kabla hujaagiza mzigo, maana mabomba yakishabanana ukutani nafasi ya tabaka la pili huipati.