Begi moja kilo 26, lingine 18: nihamishe nini kabla ya kwenda KIA?

Swali: Nakaa Soweto, Moshi, na wiki ijayo nasafiri kwenda kwa binti yangu Ulaya. Tiketi yangu imeandikwa 2PC, kilo 23 kila begi. Nimenunua mizani ya mkono ya kidijitali lakini inanichanganya: begi kubwa lilisoma 25.7, nikarudia likasoma 27, mara ya tatu 26.4. Dogo linasoma 18.9. Jumla haifiki 46, je, bado nitatozwa? Na kama ni kuhamisha, nihamishe nini? Kubwa lina kahawa pakiti sita za nusu kilo, asali chupa mbili za lita, unga wa ulezi, viatu, vitenge na pawabenki. Dogo limejaa mashuka ya Kimasai na nguo.

Jibu: Shikamoo mama. Ndiyo, unaweza kutozwa, na sababu iko kwenye hizo herufi mbili za tiketi. PC maana yake ni idadi ya mabegi, na kila begi linapimwa peke yake. Kilo nne zilizobaki wazi kwenye begi dogo hazilisaidii kubwa. Ingekuwa tiketi imeandikwa 30K au 40K, hapo uzito wote ungejumlishwa na mgawanyo usingekuwa na shida, mradi begi moja lisipite kilo 32, ambazo kwa mashirika mengi ndiyo mwisho wa begi moja kupokelewa. Mashirika mengi pia hutoza tozo moja kwa begi lolote lililo kati ya kilo 23 na 32, kwa hiyo begi la kilo 24 linaweza kulipiwa sawasawa na la kilo 31. Kwa upande wako kilo tatu na ushee zikihama, pesa hiyo inabaki mfukoni.

Kabla ya kuhamisha chochote, tupate namba ya kuaminika. Mizani ya mkono inapima nguvu inayoivuta kwenye ndoano. Ukilinyanyua begi kwa kulishtua, kwa sekunde ile nguvu inakuwa kubwa kuliko uzito wa begi, na mizani ikifunga namba hapo hapo utasoma 27. Begi likigusa sakafu kwa gurudumu moja, au likiegemea paja lako, sehemu ya uzito inabebwa na sakafu au na mguu, na utasoma 25.7. Namba zako tatu zimetofautiana kwa zaidi ya kilo moja, na hilo linaelekea kutoka kwenye namna ya kunyanyua kabla hujaanza kuilaumu mizani.

Pima hivi. Tafuta mpini imara wa jembe au ufagio, na mtu wa pili. Pitisha mpini kwenye kishikio cha mizani, kila mmoja ashike upande wake. Washa mizani ikiwa haina kitu, subiri isome 0.00, na uhakikishe pembeni ya namba pameandikwa kg. Kitufe cha UNIT hubonyezeka kirahisi, ukajikuta unasoma lb bila kujua. Kilo 23 kwa pauni ni karibu 51, kwa hiyo ukiona namba kubwa namna hiyo angalia kipimo kwanza. Sasa fungia ndoano au mkanda kwenye kishikio cha juu cha begi, katikati, ili lining'inie wima. Nyanyueni taratibu kwa pamoja mpaka begi liwe juu ya sakafu kama upana wa kiganja, kisha tulieni. Mizani nyingi hulia au namba husimama kupepesa uzito ukishatulia. Begi likiwa bado linayumba, lisubirini litulie ndipo msome.

Rudia mara tatu. Zikitofautiana kwa gramu 200 au chini, chukua kubwa kuliko zote uende nayo. Zikizidi hapo, tafuta kinachogusa, au badilisha betri. Betri ikichoka mizani nyingi huandika Lo, lakini mara nyingine inaanza kuyumba kabla haijaandika.

Kisha ipime mizani yenyewe. Njia rahisi ya nyumbani ni mifuko miwili ya sembe ya kiwandani ya kilo 10, ambayo haijafunguliwa. Pima kwanza kiroba kitupu chenye mishikio, andika uzito wake, halafu weka mifuko yote miwili. Ukiondoa uzito wa kiroba inatakiwa isome karibu na 20. Nimechagua kilo 20 kwa makusudi: mizani inaweza kusoma vizuri kilo mbili ikakosea kilo ishirini, na wewe unaihitaji huku juu. Ikisoma 20.4, inakuzidishia, na hatari ni ndogo. Ikisoma 19.4, inakupunguzia karibu gramu 600, na begi litakalosoma 22.5 nyumbani litakuwa zaidi ya 23 kaunta. Kama hutaki kuiamini sembe, nenda duka la nafaka lenye mizani yenye stika ya Wakala wa Vipimo, uombe wapime kiroba hicho hicho, ulinganishe.

Sasa hesabu. Tuseme mizani iko sawa na begi kubwa ni 26.4 kweli. Usilenge 23, lenga 22.5. Hiyo nusu kilo ni ya kufuli, ya plastiki wanayozungushia begi uwanjani ukiamua kuzungushia, na ya ile tofauti ndogo kati ya mizani yako na ya kaunta. Kwa lengo hilo begi kubwa linatakiwa lipoteze kilo 3.9. Begi dogo lina nafasi ya 22.5 toa 18.9, yaani 3.6 tu. Hapa ndipo watu wengi hukwama: wanahamisha 3.9 zote, begi dogo linafika 22.8, wanaona bado liko chini ya 23 na kusahau kufuli. Gramu 300 hazina mahali kwenye mabegi haya mawili, lazima ziende kwingine.

Kwa bahati nzuri unacho kitu ambacho hakitakiwi kuwa humo kabisa. Pawabenki hairuhusiwi kwenye begi la chini. Betri za aina hiyo husafiri na abiria, kwenye begi la mkononi. Ya mAh 20,000 huwa na uzito wa gramu 350 mpaka 450 hivi, na kwa volti 3.7 nguvu yake ni kama 74 Wh, chini ya kikomo cha 100 Wh kinachotumika na mashirika mengi. Itoe. Kama ni 0.4, begi kubwa limeshuka hadi 26.0 na zimebaki 3.5 za kuondoa, ambazo zinaenea kwenye begi dogo.

Zihamishe kwa kahawa. Pakiti sita za nusu kilo pamoja na vifungashio ni kama kilo 3.1. Ongeza jozi moja ya ndala ya 0.4, zinatimia 3.5. Begi kubwa linabaki 22.5, dogo linafika 22.4. Usikadirie kwa kushika mkononi: weka kahawa na ndala kwenye kiroba, pima kwa pamoja, toa uzito wa kiroba. Mizani hizi hazina uhakika mzuri kwa kitu cha gramu 300 peke yake, kwa hiyo kusanya vitu vifike angalau kilo mbili ndipo upime.

Kwa nini kahawa na si asali? Lita ya asali ina uzito wa kama kilo 1.4, kwa hiyo chupa mbili ni karibu kilo 2.9 na zingekaribia sana namba tunayoitaka. Lakini chupa ikipasuka kwenye begi la mashuka, kila shuka litakunywa. Iache kwenye begi kubwa, katikati, kila chupa kwenye mfuko wake uliofungwa na kuzungushiwa vitenge. Na usije ukafikiria kuipeleka begi la mkononi ili kupunguza uzito. Asali inahesabiwa kama kimiminika, na chombo kinachozidi mililita 100 kitaishia kwenye ukaguzi. Mkasi na kisu cha jikoni navyo vibaki chini.

Kuna jambo utakutana nalo ukianza kupanga: begi lako dogo ni jepesi lakini limejaa. Mashuka yanakula nafasi bila kuleta uzito, na kahawa haitaingia mpaka kitu kitoke. Toa shuka moja, liende begi kubwa pale kahawa ilipotoka. Ila kumbuka shuka nalo lina uzito wake. Kama ni 0.6, umehamisha 3.5 kwenda na 0.6 imerudi, kwa hiyo kilichohama kweli ni 2.9 tu, na begi kubwa liko 23.1. Fidia kwa kitu kizito kisichochukua nafasi: pima unga wa ulezi 0.6, ufunge vizuri, uingie begi dogo. Hesabu inarudi pale pale. Andika kila badiliko kwenye karatasi yenye safu mbili, kubwa na dogo, maana baada ya kubadilishana mara tatu kichwa hakikumbuki tena.

Nguo ziwe zimekauka kabisa kabla ya kupima. Mashuka na taulo vilivyoanikwa siku ya mawingu hubaki na unyevu usiouona, na huo ni uzito unaoulipia.

Ukimaliza, funga zipu na kufuli, upime tena mabegi yote mawili kwa mpini. Pima na begi la mkononi, kwa sababu limepokea pawabenki; mashirika hutofautiana, mengine huruhusu kilo 7 na mengine 12, na tiketi yako itasema. Fanya kipimo hiki asubuhi ya safari, baada ya majirani kuleta zawadi zao na baada ya chaja na kandambili kuingia. Kipimo cha jana usiku hakijui kilichoongezwa leo.

Mwisho, weka mizani na kiroba kitupu kwenye gari. KIA iko mbali na Moshi na huwezi kurudi nyumbani kuacha kitu. Pakiti moja ya kahawa kwenye begi dogo na mfuko mmoja wa unga kwenye kubwa viwe juu kabisa, chini ya zipu, ili mizani ya kaunta ikikataa utoe hivyo tu, bila kulifumua begi zima mbele ya foleni, na aliyekusindikiza arudi navyo. Kwa hiyo mwambie asiondoke mpaka mabegi yote mawili yapite.