Tumbo limejaa maji na kifuani kuna vimishipa: ni kichocho au ini limekwisha?

Swali: Daktari, shemeji yangu ana miaka 41, ni mvuvi huku Buliisa, Ziwa Albert. Tumbo limevimba miezi mitatu sasa, mikono imekonda, na kifuani ametokwa na vimishipa vyekundu vyenye miguu ya buibui. Kituo cha afya walisema kichocho, akameza prazikwanteli, lakini tumbo halipungui. Je, ni kichocho kweli?

Jibu: Poleni kwa kuuguza. Kwa mvuvi wa Ziwa Albert, kuanza kufikiria kichocho ni sahihi. Kinachonitia shaka ni hivyo vimishipa.

Mayai ya kichocho hukwama kwenye matawi ya mshipa unaopeleka damu ya utumbo kwenye ini, yakaacha makovu. Damu hukwama nyuma yake, bandama huvimba, na baadaye maji huweza kujaa tumboni. Seli za ini lenyewe, hata hivyo, mara nyingi huendelea kufanya kazi. Vimishipa vya buibui kwa kawaida hutokea kazi hiyo inapodorora, pamoja na mambo mengine, kwa sababu ini halimalizi tena homoni ya estrojeni mwilini. Vikiwa vingi, nashuku sirosisi, yaani ini lililojaa makovu kila mahali, na hapa kwetu Uganda natafuta kwanza homa ya ini aina B na waragi. Mtu anaweza kuwa na kichocho na sirosisi kwa pamoja. Prazikwanteli huua minyoo, haiondoi makovu ya zamani wala kukausha maji.

Hakikisheni kwanza mnachokiona. Mchana, kwenye mwanga mzuri, bonyezeni kitone cha katikati kwa ncha ya kalamu: miguu yote hufifia, na ukiachia damu hurudi kuanzia katikati kwenda nje. Hukaa usoni, shingoni, kifuani na mikononi. Mishipa minene inayozunguka kitovu ni kitu kingine. Kwenye ngozi nyeusi sana vimishipa hivi hufichika, kwa hiyo kutoviona si ushahidi kwamba ini ni zima.

Mpelekeni hospitali ya rufaa, Hoima kwa mfano, wampime homa ya ini B na C, wampige ultrasaundi, na wavute maji kidogo kwa sindano. Tuseme albumini, yaani aina ya protini, ni gramu 24 kwa lita kwenye damu na 8 kwenye maji hayo. Tofauti ni 16. Ikifika 11 au zaidi, chanzo huwa shinikizo kwenye mshipa wa ini. Ikiwa chini ya hapo, natafuta kifua kikuu cha tumbo au saratani. Maji hayohayo yahesabiwe seli, maana yakiingiwa na bakteria huua haraka.

Akipata homa, tumbo likauma, akaanza kuchanganyikiwa, kutapika damu au kujisaidia choo cheusi, msisubiri kesho. Kwa sasa apunguze chumvi, pamoja na samaki wa chumvi, aache pombe kabisa, na asimeze diklofenaki wala ibuprofeni, kwani figo za mgonjwa wa namna hii hazizihimili.