Maswali na Majibu: Mfuniko Uingie Bila Msasa

Nimechora kisanduku cha saketi na mfuniko wake kwa vipimo sawasawa, nikaviprinti kwa printa ya 3D, lakini haviingiani mpaka nipige msasa. Nakosea wapi? (Tabata)

Kosa ni huo usawa wenyewe. Plastiki iliyoyeyuka inatanuka pembeni kidogo inapokandamizwa, kwa hiyo ukuta huwa mnene kuliko ulivyochora na tundu huwa jembamba. Anza na nafasi ya milimita 0.2 kila upande: tundu likiwa 60, mdomo wa mfuniko uwe 59.6. Wengi hupunguza 0.2 kwa jumla, wakabaki na 0.1 tu kila upande, na hapo ndipo nyundo inapotafutwa. Kabla ya kuprinti kisanduku kizima, printi vipande vidogo vya nafasi 0.1, 0.2 na 0.3, uone printa yako inakubali kipi.

Hiyo 0.2 nimeacha, ila inakwama mwanzoni. Ukilazimisha, ikishapita inateleza vizuri. (Mbagala)

Hilo ni tabaka la kwanza. Limebanwa kwenye kitanda cha printa likamwagika nje. Pima kwa kalipa chini kabisa, kisha milimita 5 juu yake. Pa chini patakuwa papana zaidi. Usiongeze nafasi yote, mfuniko utacheza. Kata tu ukingo wa chini kwa mshazari wa milimita 0.5.

Klipu za mfuniko wa plastiki ya PLA zinakatika nikifungua. Niziongeze unene? (Sinza)

Hapana ndugu yangu, utazidisha tatizo. Mkono mnene wa klipu ukipinda, ngozi yake ya nje huvutwa zaidi. Pima hivi, vipimo vyote kwa milimita, na jino ni kiasi ncha ya klipu inavyotokeza kushika:

```
mvuto (%) = 150 × unene × jino ÷ urefu²
```

Mkono wenye unene 2, jino 1 na urefu 10 unavutwa asilimia 3. Ukiupa unene 3, inafika 4.5. Lakini urefu 15 na unene 1.5 vinakupa asilimia 1 tu. Kwa PLA inayofunguliwa mara kwa mara, mimi sipiti asilimia 1.5. Urefu ndio unaosaidia kuliko vyote.

Halafu tazama palipokatika. Pakiwa bapa na laini, matabaka yamebanduka, maana yake uliprinti mkono ukiwa umesimama. Printi klipu peke yake ikiwa imelala, kisha uichomeke kwenye mfuniko. Na shina lake lisiwe na kona kali. Lizungushe, kwa sababu ufa huanzia hapo.

Kisanduku changu kinakaa kwenye bajaji. Klipu hazikatiki, zimelegea tu. (Temeke)

PLA hulainika kwenye nyuzi 60 hivi, na bajaji iliyoegeshwa juani mchana inaipa joto la kutosha kulegea ikiwa imebanwa. Tumia plastiki ya PETG, inayovumilia hadi karibu 80. Vilevile chora jino lishike likiwa limetulia: mfuniko ukishafungwa, mkono urudi wima kabisa. Klipu inayokaa imepinda siku nzima huzoea kupinda.