Bonasi ya Desemba haimo kwenye mkataba

"Miaka mitano mfululizo tunalipwa bonasi Desemba, mwaka huu wamekata. Mkataba hauitaji kabisa. Tuna cha kudai?"

Salamu kutoka Tabora, ndugu. Mnaweza kuwa nacho, ila miaka peke yake haitoshi. Anza na salary slip za Desemba zote, uone kiasi kilipatikanaje.

Sisi kwenye ghala la tumbaku tulilipwa miaka sita, kila mara mshahara wa mwezi mmoja kamili, hata msimu ulipokuwa mbaya. Aliyeanza kazi Julai alipewa nusu bila kuomba. Hesabu ya namna hiyo inaonyesha kila mtu anajua anachostahili, na hapo ndipo mazoea yanageuka sehemu ya mkataba usioandikwa. Kama kwenu mwaka mmoja ilikuwa laki moja, mwingine laki tatu, kwa atakavyo bosi, hiyo itaonekana zawadi tu.

Halafu tafuta barua zilizoambatana na malipo. Sisi ilitukwamisha karatasi ya mwaka wa nne iliyobandikwa ubaoni: "kwa hiari ya mwajiri". Wakili wao aliishikilia hiyo hiyo. Tulijibu kwamba ilibandikwa mara moja tu, na malipo hayakubadilika hata shilingi. Tukaishia kupatana nusu mbele ya msuluhishi.

Usikawie kwenye vikao vya ofisini. Madai yasiyo ya kuachishwa kazi yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA, ndani ya siku 60 tangu mgogoro uanze, kwa fomu namba 1.