"Polepole" yake inajibu swali gani?

Yaya, niko na miaka 29, niko mekanisie hapa Lubumbashi, komini ya Kenya. Tulijuana na huyu dada mu ndoa ya rafiki, sasa wiki tano. Mi nilishaacha bengine bote, hata manamba yao nilifuta. Nilimuomba tukuwe siye wawili tu, niweke foto yetu mu profili, na nimupeleke kwa mama kule Katuba. Mara tatu nimeuliza, mara tatu anasema "twende polepole". Ananichezea ao?

Mudogo wangu, uliuliza mambo tatu kwa mara moja. Na kwetu huku kumupeleka binti kwa mama haiko kutembea tu, mama akishamuona ataanza kuuliza wa kabila gani, wazazi bako wapi, baba wadogo nao bataanza kuongea dote, na siku munaachana njo yeye anabakia na maneno mu kartie, we hapana. Foto nayo, bantu ba kanisa yake bataiona siku ileile. Mi naona "polepole" inaweza kuwa jibu ya mama na ya foto, ile swali ya bengine haijajibiwa bado juu haukuiuliza peke yake.

Basi uiulize peke yake, mchana, mukiwa mumekaa, si kwa simu ya usiku: "Mama na foto tuache kwanza. Kuko muntu mwengine unaonana naye sasa?" Kisha unyamaze, umuache amalize. Akisema hakuna, ila anaogopa familia kuingia mapema, na anakubali mukuwe wawili, basi ushapata kitu ulikuwa unatafuta. Akisema yuko, ao anakataa kujibu, mwambie hauwezi kuendelea hivyo, bila kumutukana, na uende kweli.

Zile namba ulifuta kwa kupenda kwako, usimuletee kama deni. Na usiulize tena kila wiki, kila ukiuliza yeye anakaza zaidi. Mwambie mambo ya mama mutaongea tena kisha miezi mbili, na ukae hivyo. Mu ile miezi uangalie kama polepole yake inatembea: anakuita mchana, anakujulisha hata kwa rafiki moja, anakuambia sababu (pengine alishapelekwa kwa mama ya mwengine na ikavunjika, bako bengi hivyo, na inauma sana). Kama miezi mbili inaisha munaonana usiku tu na hata rafiki yake moja haumujue, hiyo haitembei, imesimama.

Na kama munalala pamoja, kondomu kila mara mpaka mukubaliane ni nyie wawili. Kisha mwende bote wawili kupima sida, murudilie kupima kisha miezi tatu mbele ya kuacha kondomu, juu kipimo ya haraka inaweza kukosa kuona ugonjwa wenye umeingia juzi tu.

Mama Katuba akiuliza mbona hauleti muntu, mwambie tu bado.