Kabla hujanunua maiki, sogeza simu hadi shubiri moja kutoka mdomoni

Mwezi Julai nilikwenda Pangani kumrekodi baba mkubwa, nahodha mstaafu wa majahazi. Tulikaa ufukweni alasiri, simu nikaiweka juu ya mkeka, kama mita moja kutoka alipokaa. Alisimulia safari zake kwa saa nzima. Niliporudi nyumbani na kuvaa hedifoni nilitamani kulia, kwani maneno yalikuwa yamefunikwa na mngurumo, kama mtu anatikisa turubai.

Kusi ilikuwa inavuma. Siku ile sikuona kama ni upepo mkali, kwa sababu sikio limezoea. Lakini upepo hauiharibu rekodi kwa kupiga kelele. Hewa yenyewe inaugonga utando mdogo ndani ya maiki na kuusukuma kupita uwezo wake. Ukikuza mchoro wa sauti kwenye skrini utaona vilele vimekatwa bapa. Palipokatwa hivyo, sehemu ya sauti haikuingia, na hakuna programu ya kuirudisha kama ilivyokuwa. Mngurumo mdogo usiokata vilele unapungua ukitumia programu ya kuhariri sauti ya Audacity na kupitisha kichujio chake cha kukata sauti nzito, High-Pass Filter, kwenye 100 Hz, kwa kuwa mngurumo huo uko chini ya sehemu kubwa ya sauti ya mtu. Ule wa kwangu haukuwa mdogo.

Siku ya pili tukahamia sebuleni: kuta za saruji, sakafu ya taili, viti viwili vya plastiki. Upepo haukuwepo, ila sasa baba mkubwa alisikika kama anaongea ndani ya tangi la maji. Hapa ndipo watu wengi hukimbilia dukani kununua maiki ya bei, nami nilifanya hivyo, wakati tatizo lilikuwa ile mita moja. Maiki hupokea sauti mara mbili: inayotoka mdomoni moja kwa moja, na inayogonga ukuta kisha kurudi. Ukipunguza umbali kwa nusu, nguvu ya ile ya kwanza inaongezeka mara nne, na mwangwi unabaki palepale. Simu yenyewe, ikikaa shubiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili pumzi ya "p" na "b" isiipige, inaishinda maiki ghali iliyoko mwisho wa meza. Hakikisha tu tundu la maiki, ambalo kwa simu nyingi liko chini karibu na sehemu ya kuchajia, halijazibwa na kava wala kiganja.

Hata hivyo mzee hawezi kukaa na simu mdomoni saa nzima, na hapo ndipo maiki ndogo ya kubana kifuani inapofaa. Ya waya inatosha. Niliyouziwa mwanzo ilichomekwa vizuri, simu ikarekodi, kumbe ilikuwa inarekodi kwa maiki yake yenyewe. Tazama pini: ya simu zenye tundu la hedifoni ina pete tatu nyeusi. Yenye pete mbili ni ya kamera, na inahitaji adapta. Simu isiyo na tundu hilo itahitaji maiki ya USB-C, au ya Lightning kwa iPhone za zamani. Kabla ya kulipa, anza kurekodi palepale dukani, kwaruza maiki kwa ukucha, kisha kwaruza simu, halafu sikiliza. Ukwaruzaji wa maiki ndio unaotakiwa kusikika kwa nguvu. Nisingefanya jaribio hilo mara ya pili, ningenunua kosa lilelile.

Kipande cha sponji kinachokuja na maiki kinazuia pumzi na upepo mwepesi tu. Ufukweni unahitaji manyoya juu ya sponji, kwa sababu yanaupunguzia upepo kasi kabla haujafika. Mimi nilishona kifuko kutoka kwenye mdoli wa manyoya uliochakaa. Hata hivyo, kwanza mgeuze msemaji aupe upepo mgongo, au nendeni nyuma ya ukuta.

Siku ya tatu nilizunguka nyumba nzima nikipiga makofi. Sebuleni kofi lilijibu kwa mlio mkali. Chumbani kwa mama mkubwa, penye kitanda, godoro na kabati lililojaa nguo, lilikufa hapohapo. Nikasimamisha godoro la pili ukutani, mbele ya baba mkubwa, maana sauti yake ilikuwa inaelekea huko. Kanga niliyokuwa nimeitundika haikusaidia kitu, ni nyepesi mno. Blanketi zito lilisaidia kidogo. Maiki nikaibana kwenye ukosi wa kanzu, shubiri moja chini ya kidevu, waya nikaukunja kitanzi na kuubana ili usisugue kitambaa. Simu nikaiweka hali ya ndege, tukarekodi sekunde 20, nikasikiliza kwa hedifoni.

"Naanza upya, mwanangu?"

"Ndiyo, ba'mkubwa, tangu mlipong'oa nanga."

Rekodi hiyo ina dakika 47. Kabla ya kulitaja jahazi lake la kwanza anavuta pumzi, na pumzi hiyo inasikika.