Nyota yangu ni Nge, lakini Jua lilikuwa kwenye Mizani?

*"Shikamooni wakubwa. Niko kidato cha pili hapa Moshi. Nimezaliwa tarehe 10 Novemba 2011 na gazeti linasema nyota yangu ni Nge. Mwalimu wa jiografia anasema unajimu siyo sayansi ila astronomia ni sayansi. Mbona vyote vinahusu sayari na nyota zilezile? Naomba mnieleweshe."*

Marahaba dogo. Mimi naongoza watalii huku Arusha, na tukilala kambini kazi yangu baada ya chakula ni kuwaonyesha wageni anga. Swali lako naulizwa karibu kila safari, kwa hiyo tuanze na tarehe yako yenyewe.

Mnajimu akisema wewe ni Nge anamaanisha kwamba siku uliyozaliwa Jua lilikuwa kwenye Nge. Hilo linaweza kukaguliwa. Tafuta kompyuta yenye programu ya Stellarium, ni ya bure. Bonyeza F6 uchague Moshi, kisha F5 uweke 2011-11-10 saa sita mchana. Bonyeza A ili kuondoa mwanga wa angahewa, nyota zionekane ingawa ni mchana, halafu C kwa michoro ya makundi ya nyota na B kwa mipaka yake. Sasa litafute Jua. Utalikuta ndani ya Mizani. Kwenye Nge linaingia karibu tarehe 23 Novemba, na linakaa humo wiki moja tu. Likitoka Nge haliendi kwenye Mshale moja kwa moja. Linapita kwanza kwenye Hawaa, yule mtu aliyeshika nyoka, kwa siku kama 18. Hawaa humkuti kwenye ukurasa wa nyota gazetini, maana pale wako 12 tu.

Tofauti hiyo imetoka wapi? Watu wa Babeli waligawa njia ya Jua angani katika vipande 12 vilivyo sawa, kila kimoja nyuzi 30, wakavipa majina ya makundi ya nyota yaliyokuwa karibu. Hizo ndizo alama za unajimu. Makundi yenyewe hayalingani hata kidogo. Kwenye Mashuke Jua linakaa siku kama 45, kwenye Nge ndiyo hiyo wiki moja. Mipaka unayoiona ukibonyeza B iliwekwa na Umoja wa Kimataifa wa Astronomia, ikachapishwa mwaka 1930, ili mtaalamu wa Chile na wa Japani wakitaja kundi moja wawe wanaongelea eneo lilelile la anga.

Halafu kuna kuyumba kwa Dunia. Mhimili wake unazunguka polepole kama pia inayokaribia kuanguka, na mzunguko mmoja unachukua miaka kama 26,000. Kwa hiyo mahali Jua linapoonekana tarehe fulani, ukilinganisha na nyota, panahama nyuzi moja kila miaka 72 hivi. Gawanya miaka 2,000 kwa 72, unapata karibu nyuzi 28, yaani takriban alama nzima. Ndiyo maana aliyezaliwa zamani hizo katika majira kama yako, Jua lake lilikuwa kweli upande wa Nge, na lako liko Mizani. Kuhama huku kuligunduliwa na Mgiriki Hipparchus karne ya pili kabla ya Kristo, si habari ya jana.

Ili tusiwaonee wanajimu: wanaoijua kazi yao wanalifahamu hili. Watakujibu kwamba alama zao zinahesabiwa kuanzia siku ya Machi ambapo usiku na mchana vinalingana, kwa hiyo zinafuata majira na si nyota. Sawa, ila hapo ujue kwamba "nyota yako" haina uhusiano na nyota yoyote iliyoko angani, ni kipande cha kalenda. Wanajimu wa Kihindi wamefanya vingine. Wao wanarekebisha kwa nyuzi kama 24 ili wafuate nyota. Kwa hiyo ukienda kwa mnajimu wa Kihindi hapa Arusha atakwambia Jua lako liko Mizani, na gazeti litashikilia Nge. Mmoja atakupa tabia za Mizani, mwingine za Nge, na hakuna kipimo walichokubaliana cha kuamua nani kakosea. Kwangu mimi tofauti kubwa iko hapo kuliko mahali pengine popote.

Tazama jinsi wa astronomia wanavyofanya wakikwama. Sayari ya Uranusi iligunduliwa mwaka 1781, na baada ya miaka kadhaa ikaonekana haifuati njia iliyokokotolewa. Mfaransa Le Verrier akasema kuna sayari nyingine nje yake inayoivuta, akakokotoa iko wapi, akaandika barua kwa kituo cha kuangalia nyota cha Berlin. Usiku wa tarehe 23 Septemba 1846 mtaalamu wa kituo hicho, Galle, akaelekeza darubini mahali alipoambiwa, akaikuta Neptuni ndani ya nyuzi moja. Kama isingekuwepo, Le Verrier angeaibika mbele ya Ulaya nzima. Na wanajimu? Walikuwa wamesoma maisha ya watu kwa karne nyingi bila Uranusi wala Neptuni, na hakuna aliyewahi kusema hesabu zake zinapungukiwa sayari.

Umesema vyote vinahusu vitu vilevile, na kweli zamani mtu mmoja aliweza kufanya kazi zote mbili. Hata Kepler, aliyetupa kanuni za mwendo wa sayari, aliwaandikia wakubwa utabiri wa nyota ili apate mkate. Kanuni zake bado zinatumika kupeleka vyombo Mirihi. Ule utabiri hakuna anayeuhitaji.

Ukitaka kumwona Nge mwenyewe, usimtafute Novemba, Jua liko upande ule na anazama nalo. Subiri Agosti au Septemba, kama saa mbili usiku, mlima ukiwa umeachia mawingu. Tazama upande wa kusini hadi kusini-magharibi, juu angani. Kuna nyota nyekundu inaitwa Antares, ndiyo kifua chake, na mkia umejikunja kwenda kushoto kama ndoana. Antares iko umbali wa miaka-nuru kama 550, lakini nyota mojawapo ya mgongoni haifiki 70. Hazikai pamoja. Sisi ndio tunaoziona zikiwa upande mmoja.

Na kama wenzako darasani wanabisha, fanyeni jaribio. Chukueni gazeti la jana, mkate utabiri wote 12, mfute majina ya alama, mbandike ubaoni kwa namba. Asiruhusiwe aliyekwisha kuusoma utabiri huo. Kila mtu achague namba moja inayofanana zaidi na siku yake ilivyokwenda, aandike kwenye karatasi, ndipo mfunue majina. Darasa la watu 48, kwa kubahatisha tu watapatia kama wanne, wanaweza kuwa wawili au hata saba. Wakipatia ishirini, rudieni kwa gazeti la siku nyingine, na ikitoka ishirini tena njoo utuambie humu, mimi wa kwanza nitaanza kununua gazeti kwa ajili ya ukurasa ule.